Jibu Sahihi la Swali la Sita

Wanafunzi walimwita Mama Nukta, naye alijua wala hakuona ubaya. Kuna walimu walioitwa majina ya kuaibisha zaidi. Kwa miaka kumi na minne alifundisha hesabu za dozi katika chuo cha famasia, na kila darasa lililopita mikononi mwake lilisikia wimbo mmoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho: nukta ikisogea hatua moja tu, dozi imekuwa mara kumi, na dawa mara kumi si dawa tena. Aliyasema hayo huku akigonga ubao kwa kalamu, na waliokaa mbele walijifunza kurudi nyuma kidogo.

Asubuhi hiyo hakuwa na kipindi. Alibaki nyumbani, katika nyumba za walimu zilizo nyuma ya chuo, akitunga mtihani wa mwisho wa mwaka. Meza ya kulia ilikuwa imejaa chupa tupu, vichupa vya sindano na maboksi ya vidonge, vyote vimeoshwa na kukaushwa, maana alikuwa na sheria yake: uniti ya kwenye swali lazima itoke kwenye lebo. Hakutunga dawa ya kichwani. Mwalimu mwenzake aliwahi kumletea swali ambalo jibu lake lilikuwa sifuri nukta tatu saba ya kidonge, naye Mama Nukta akamuuliza, "Mwenzangu, hiyo utaikata kwa wembe au kwa maombi?" Tangu hapo mwenzake alimletea maswali kwa woga.

Mwaka huu alikuwa amejiongezea kazi. Zamani aliandika swali na jibu lake, basi. Sasa kila swali aliliandikia pia orodha ya majibu ya makosa, ili msahihishaji akikutana na jibu baya ajue papo hapo mkono wa mwanafunzi uliteleza wapi. Swali la kwanza, kwa mfano, lilikuwa la mtoto wa kilo nane anayetakiwa kupewa dawa ya jentamaisini miligramu 7.5 kwa kila kilo, na kichupa kimeandikwa miligramu 80 katika mililita 2. Jibu ni mililita 1.5. Aliyeandika 0.75 ameisoma lebo nusu, ameona 80 akasahau kwamba ni za mililita mbili. Aliyeandika 15 amepoteza nukta. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini ilimpa raha ambayo hakumwambia mtu. Alikuwa amegundua kwamba kosa haliendi hivihivi. Linaacha nyayo, na mwenye macho anaweza kuzifuata mpaka mlangoni kwa aliyekosea. Kila alipoliwaza hilo alisisimkwa, mwanamke mzima, peke yake, mbele ya chupa tupu.

Alipofika swali la sita alipumzisha kalamu. Hilo lilikuwa kipenzi chake, la mtihani wa mwaka jana, na alitaka kulirudisha vilevile. Mtoto mchanga ana uzito wa gramu 3,000. Daktari ameandika digoksini miligramu 0.01 kwa kila kilo kwa siku. Chupa ina mikrogramu 50 katika kila mililita. Je, kwa siku apewe mililita ngapi?

Digoksini ni dawa ya moyo, na haina utani. Kiasi chake kidogo kinamtuliza mtoto, mara kumi yake inamzika. Ndiyo maana alilipenda swali lile: wodi ya watoto wachanga hupima kwa gramu, daktari huandika kwa miligramu, chupa inasema mikrogramu. Mwanafunzi lazima abadili uniti mara mbili kabla hajagusa dawa. Gramu 3,000 ni kilo 3. Miligramu 0.01 ni mikrogramu 10. Tatu mara kumi ni thelathini, na thelathini gawanya kwa hamsini ni mililita 0.6. Safi kama sahani iliyooshwa.

Hapo mumewe akaingia kutoka kibanda chake cha useremala nyuma ya nyumba, amejaa unga wa mbao mpaka kwenye nyusi, akajimiminia maji ya kunywa bila salamu. Ilikuwa dalili mbaya. Mumewe alikuwa mtu wa maneno.

"Haya, Fundi, nani amekuudhi?"

"Futi yangu." Akaiweka ile futi ya chuma mezani, katikati ya chupa. "Ncha yake imekatika. Sentimita mbili zote hazipo. Nimeitumia mwezi mzima, mama, mwezi mzima, na kila mlango nilioutengeneza umeingia kwenye fremu yake bila ubishi."

"Sasa kama imeingia, tatizo nini?"

"Si ni kwa sababu fremu nayo niliipima kwa futi hiyohiyo! Zote mbili zimepungua sawasawa, zikakutana, zikapendana. Leo mteja amenirudishia mlango wa fremu iliyopimwa na kutengenezwa na mtu mwingine. Unacheza humo ndani kama jino bovu." Akanywa maji yote. "Mwezi mzima najiona fundi."

Mama Nukta alicheka, akamsukumia bakuli la karanga, naye akatoka na karanga mkononi huku bado akiitukana futi. Kicheko kilimwisha mwalimu taratibu. Aliitazama karatasi yake. Alikuwa bado hajaliandikia swali la sita orodha ya makosa, kwa kuwa aliliamini.

Kutunga orodha ya makosa kunamtaka mtu mwerevu akubali kuwa mjinga kwa makusudi. Kuna mjinga mmoja alimjua vizuri, na alimkuta kila mwaka: yule anayedhani uniti zote hupishana kwa mia, kwa sababu alizoea mita na sentimita. Mahali pa elfu yeye anatia mia. Mama Nukta akajifanya yeye. Gramu 3,000 gawanya kwa mia, 30. Miligramu 0.01 zidisha kwa mia, 1. Thelathini mara moja, thelathini. Gawanya kwa hamsini.

Mililita 0.6.

Aliiangalia ile namba. Akafikiri ameteleza, akarudia, ikaja tena 0.6. Akabadili uzito kuwa gramu 2,700 na dozi kuwa 0.008, akaenda njia ya mwerevu akapata 0.432, akaenda njia ya mjinga akapata 0.432. Haikuwa bahati ya namba. Uzito ulizidi mara kumi, dozi ikapungua mara kumi, na makosa mawili yakakutana katikati na kufutana, kila mara, kwa mtoto yeyote, kwa dozi yoyote. Swali alilolitunga kwa ajili ya kumkamata mtu wa kosa hilo lilikuwa ndilo swali pekee duniani ambalo mtu huyo asingelikosa.

Sitaficha, jambo la kwanza alilolihisi halikuwa hofu. Alistaajabu. Alikaa pale na kinywa wazi mbele ya kitu kilichofungamana vizuri namna ile, ambacho yeye mwenyewe alikitengeneza bila kujua. Kisha akakifungua. Akabadili neno moja: badala ya chupa ya mikrogramu 50, akaandika chupa ya miligramu 0.05 kwa mililita. Dawa ileile, nguvu ileile, lebo tofauti. Sasa aliyekosea uzito hana pa kujificha: 30 mara 0.01 ni 0.3, gawanya kwa 0.05 ni mililita 6. Nyayo hizo, peupe, zinaonekana.

Hofu ilikuja baada ya hapo. Mwaka jana swali lile lilifanywa na watu arobaini na mmoja. Na yeye, kwa uchovu wa kusahihisha, alikuwa ametazama jibu la mwisho tu.

Stoo ya mitihani ilikuwa chumba kisicho na dirisha karibu na ofisi ya mkuu wa chuo, na ufunguo wake mmoja alikuwa nao yeye. Alilivuta boksi la mwaka jana, akakaa juu ya boksi la mwaka juzi, akaanza kufungua karatasi moja baada ya nyingine kwenye swali la sita, safari hii akisoma njia. Wengi walikwenda vizuri. Wanne walikuwa wamekosa, na alama nyekundu za mkono wake zilithibitisha. Alipofika karatasi ya ishirini na tisa alianza kupumua. Penye moshi si lazima pawe na moto, alijiambia.

Karatasi ya thelathini na nne ilikuwa na mistari minne myembamba:

3,000 → 30
0.01 → 1
30 × 1 = 30
30 ÷ 50 = 0.6

Hakuna kilo, hakuna gramu, hakuna mikrogramu. Namba tupu, zimevuliwa uniti zote. Angeandika neno "kilo" pale kwenye thelathini, hata mlinzi wa geti angemuuliza ni mtoto mchanga gani huyo wa kilo thelathini. Na pembeni ya 0.6, kubwa, nyekundu, ya kuridhika, ilikuwepo tiki. Mama Nukta aliitambua tiki yake kama mtu anavyotambua kikohozi chake.

Karatasi ilikuwa ya Umeme.

Ndivyo darasa zima lilivyomwita binti yule, kwa kasi yake. Maswali ya vidonge alikuwa akiyajibu kabla msomaji hajamaliza. Nusu gramu? Mia tano! Robo gramu? Mia mbili hamsini! Mama Nukta alimpenda, aliwahi hata kumtania mbele ya wenzake kwamba siku moja atakuja kumsahihishia yeye mitihani. Sasa, amekaa juu ya boksi, alielewa kasi ile ilitoka wapi. Binti hakuwa akihesabu. Alikuwa amezikariri lebo, na lebo za vidonge si nyingi. Mahali pekee mtihani ulipomtaka atembee mwenyewe palikuwa swali la sita, na swali la sita likamfunika kwa shuka.

Mwalimu aliuliza ofisini binti yule yuko wapi siku hizi. Karani hakuinua hata uso.

"Umeme? Si yuko hapo jirani hospitalini. Mwanzo alikuwa stoo kuu. Wiki mbili hizi wamempeleka famasia ya watoto wachanga. Anasifiwa kweli, Mwalimu. Unavuna ulichopanda."

Alipiga simu ya famasia ile. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Halafu akaitia karatasi ya thelathini na nne kwenye bahasha na kutoka. Uzio wa chuo na wa hospitali ulikuwa mmoja, na geti dogo la katikati alilipita mara elfu akiwapeleka wanafunzi kwenye mazoezi, lakini siku zote alilipita kwa mwendo wa mwalimu. Leo alikimbia, na miaka hamsini na tatu ilimkumbusha magotini.

Wiki mbili. Kila hatua aliihesabu kwa maneno hayo. Kama kuna mtoto ameshapata mara kumi, hospitali ingekuwa imepiga kelele. Au isingepiga. Watoto wachanga wenye maradhi ya moyo hufa, na watu husema ni moyo.

Famasia ya watoto wachanga ilikuwa chumba chembamba mwisho wa korido: dirisha la vioo, kaunta, friji ndogo, sinki, rafu. Nje ya dirisha, kwenye benchi, bibi mmoja mwenye kitenge cha zambarau alikuwa amekaa na fomu yake, bibi wa mtoto aliyelazwa wodini, akionekana amengoja na amechoka kungoja. Ndani, Umeme alikuwa amesimama mbele ya kaunta, koti jeupe limepigwa pasi, kalamu sikioni.

"Shikamoo Mwalimu!" Uso ulimng'aa kwa furaha ya kweli. "Jamani, umetoka wapi mbio hivyo? Karibu. Tena heri umekuja, nitilie saini ya pili. Mwenzangu ameitwa wodini, simu inalia nashindwa hata kupokea, na bibi pale nje ataniroga kwa macho."

"Marahaba," alisema Mama Nukta, kwa shida, akiwa bado anatafuta pumzi.

Dozi za watoto wachanga katika hospitali ile hazitoki kwa mkono mmoja. Daftari lina nafasi mbili za saini: aliyehesabu na aliyehakiki. Mama Nukta alikuwa kwenye orodha ya wahakiki kwa sababu ya wanafunzi anaowasimamia. Umeme akamgeuzia daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa, wino bado mbichi. Digoksini. Uzito gramu 2,800. Miligramu 0.01 kwa kilo. Dozi ya siku: mililita 5.6.

Pembeni ya daftari kulikuwa na bomba kubwa la kunyweshea, la mililita kumi. Limeshajazwa.

"Mbona umetumia bomba hili?" mwalimu aliuliza.

"Hata mimi nimeshangaa kidogo. Yale madogo ya mililita moja hayakutosha. Ila chupa ni mpya, Mwalimu, zimeingia leo asubuhi, za kampuni nyingine. Nadhani hizi ni nyepesi, ndiyo maana zinataka nyingi."

Mama Nukta aliichukua ile chupa. Aliigeuza polepole mpaka lebo ikamtazama. Miligramu 0.05 kwa mililita.

Saa moja na nusu iliyopita, mezani kwake, kwa kalamu yake, alikuwa ameandika maneno hayohayo. Alidhani anatengeneza swali. Kumbe wakati huohuo kuna mtu amepasua boksi na kulipanga swali lake kwenye rafu. Aliishika chupa ile kwa mikono miwili kwa kuwa hakuiamini mikono yake mmoja mmoja.

"Sitii saini," alisema. "Weka hilo bomba kwenye sinki kwanza. Mbali. Haya, njoo tuhesabu."

"Kuna kosa?" Umeme alishaanza kupauka, lakini alilibeba bomba, akaliweka kwenye sinki.

"Chukua karatasi. Nifanyie upya hapa, kila namba na uniti yake. Usiandike namba hata moja iliyo uchi."

Binti akatoa kalamu sikioni. "Uzito, gramu 2,800." Akaandika. "Kupata kilo..." Mkono wake ulikwenda wenyewe, haraka, kama ulivyozoea. Uliandika 28. Kisha, kwa kuwa aliambiwa, akaongeza pembeni: kilo.

Hakuandika tena. Kupitia kioo walimwona bibi wa kitenge cha zambarau akijipepea kwa fomu. Ukutani friji ilikuwa ikinguruma.

"Kilo ishirini na nane," Umeme alisema.

"Ndiyo."

"Mtoto mchanga."

"Ndiyo, mwanangu."

"Gramu elfu moja ndiyo kilo moja. Hilo nalijua, Mwalimu! Kila mtu analijua. Hata sukari tunanunua hivyo." Akajishika mdomo. "Mbona mkono wangu haulijui?"

"Maana haukuwahi kuulizwa. Endelea. Safari hii nenda kama unakwenda dukani kununua sukari."

Aliendelea. Kilo 2.8. Miligramu 0.01 kwa kilo, basi miligramu 0.028. Chupa ina miligramu 0.05 kwa mililita. Mililita 0.56. Aliandika kila uniti kwa herufi kubwa za mtoto wa darasa la kwanza, na jibu alilipigia mstari mara mbili. Mama Nukta akahesabu peke yake kwenye ukingo wa bahasha, bila kumtazama mwenzake, akapata 0.56. Ndipo wakaukata mstari wa mwisho wa daftari, wakaandika mwingine, wakatia saini mbili. Bomba dogo la mililita moja likatoka kwenye mfuko wake, likajazwa mpaka alama ya 0.56, likapewa lebo. Umeme alilisukuma dirishani.

Bibi alisimama, akalipokea, akaliinua kwenye mwanga. "Hiki tu?"

"Hicho tu, bibi," alisema Umeme. "Mpe nesi mkononi. Ni ya siku nzima, yeye ataigawa asubuhi na jioni."

"Nimekaa hapa mpaka miguu imekufa ganzi kwa sababu ya tone hili? Haya mwanangu. Mnajua wenyewe." Akaondoka akilishika kwa ncha za vidole, akiguna korido nzima.

Walipobaki wawili, Umeme alifanya jambo ambalo Mama Nukta alikuja kulikumbuka kwa heshima. Hakulia kwanza. Alilirudisha daftari, akafungua ukurasa wa wiki mbili zilizopita, na kusema, "Na hizi?"

Zilikuwa dozi tisa za digoksini, watoto wawili, zote kwa mkono wake. Walianza ya kwanza. Gramu 3,200; mikrogramu 32; mililita 0.64. Daftari: 0.64. Ya pili, 0.64. Ya tatu, mtoto mwingine, gramu 2,900, mililita 0.58. Daftari: 0.58. Kila walipohesabu sahihi, walikuta sahihi. Mama Nukta akamwomba amwonyeshe vikaratasi vya hesabu vilivyobanwa nyuma ya daftari, na humo kila mara ilikuwepo njia ileile ya mtihani: 32, kisha 1, kisha 32, kisha 0.64. Chupa za zamani zilikuwa za mikrogramu. Mara tisa binti huyu alikuwa amepotea njia kwa hatua kumi mbele na hatua kumi nyuma, na mara tisa akafika kwenye mdomo wa mtoto na kipimo kisicho na dosari hata ya tone.

Walipomaliza ya tisa, Umeme alilifunga daftari. Mama Nukta alikuwa amesoma hesabu, amefundisha hesabu, amezisahihisha mpaka macho yakachoka, lakini hajawahi kuziogopa namna ile, woga wa mtu aliyesimama mlangoni pa kitu kikubwa. Watoto wawili walikuwa wamelala mita thelathini kutoka pale, wanapumua, juu ya makosa mawili yaliyokumbatiana. Hapakuwa na mtu aliyewashika. Wala haikuwa hekima ya mtu. Kilichowatenganisha na kaburi kwa siku kumi na nne ni neno moja kwenye lebo, na leo asubuhi neno hilo lilibadilishwa na kiwanda ambacho hakijawahi kusikia habari zao.

"Nani alikuwa akinilinda, Mwalimu?" Sasa Umeme alikuwa akilia, kimya, machozi yakidondokea koti.

"Sijui," alisema Mama Nukta, na lilikuwa jibu la kweli. "Waliokuhakiki nao walitazama jibu la mwisho tu, likawa sahihi, wakasaini. Kama mimi."

"Kama wewe vipi?"

Mwalimu akaitoa karatasi ya thelathini na nne kwenye bahasha, akaitandaza juu ya daftari. Umeme aliutambua mwandiko wake. Alifuata mistari minne kwa kidole mpaka kwenye ile tiki nyekundu.

"Nilipata alama zote kwenye swali hili," alisema.

"Ulipata. Tuliwaambia asiyepata zote kumi hasimami kwenye dirisha la dawa. Ukapata kumi."

"Kwa hiyo nilifaulu au sikufaulu?"

Mama Nukta alikuwa amelifikiria swali hilo tangu stoo, na angeweza kulijibu kwa namna ya kujiosha. Mkono wa binti ndio uliokosea, si wake. Lakini alikuwa ametumia miaka kumi na minne kuwaambia watu kwamba kosa lina mwenyewe, na sasa nyayo zilikuwa zimefika kwenye mlango wake.

"Jibu lako lilikuwa sahihi," alisema. "Wewe hukufaulu. Na mimi niliyetunga swali nilifeli kabla yako, tena nikakuvuta na wewe. Leo tutakwenda kwa mfamasia mkuu, tutamwambia yote, hizo tisa na hiyo iliyoko kwenye sinki. Utaacha dirisha mpaka urudie mtihani. Mimi nitaandika kwamba swali langu halikukupima, na kwamba karatasi zote arobaini na moja zisomwe upya, njia kwa njia."

"Watanifukuza."

"Wakitaka kufukuza, waanze na aliyetia tiki."

Umeme alifuta uso kwa kiganja. Akachukua kalamu nyekundu iliyokuwa ndani ya kikombe cha kalamu kwenye kaunta, akampa mwalimu wake kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa kitu cha heshima.

Mama Nukta akaipiga mstari ile tiki, mstari mmoja ulionyooka, akaweka tarehe na saini pembeni. Kisha, juu ya karatasi, mahali ambapo jina la mtunzi huandikwa, akalisoma jina lake mwenyewe lililopigwa chapa, na mbele yake, kwa wino huohuo, akajiandikia sifuri. Hakusahau kuweka uniti: sifuri ya alama kumi.

Mfanyakazi aliyeshika zamu pamoja na Umeme alirudi kutoka wodini akiimba, akawakuta wamesimama, akauliza kuna nini. Walimwachia dirisha na kumwambia asitoe dozi hata moja kutoka kwenye chupa mpya mpaka watakaporudi. Halafu wakatoka, mwalimu mbele na mwanafunzi nyuma, kuelekea ofisi ya mfamasia mkuu, na daftari walilibeba wote wawili, kila mmoja ameshika upande wake.